Friji haitegemeki tena: nijaze nini stoo ili chakula kipikike kila siku bila kumwaga viporo?

Taa_Imezima
Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisaidie mawazo maana nimechoka kumwaga chakula.

Tuko watu watano nyumbani, wakubwa wawili na watoto watatu. Umeme kwetu unakatika karibu kila siku, mara saa tatu, mara unalala na kuamka bila kurudi. Mwezi uliopita ulikatika siku mbili na nusu mfululizo. Jiko nina la gesi, kwa hiyo moto ninao. Kinachonishinda ni friji.

Kilichonitoa machozi ni juzi. Nilichemsha maharage kilo moja Jumamosi kama nilivyozoea, tule siku tatu. Umeme ukakata usiku uleule. Jumapili mchana nafunua sufuria, povu limetanda juu na harufu kali ya uchachu. Nikamwaga zaidi ya nusu. Siku hiyohiyo nikafungua kopo kubwa la nyanya, nikatumia vijiko vitatu, Jumanne lina ukungu wa kijani pembeni.

Swali langu si namna ya kuokoa vilivyomo kwenye friji. Nataka kujua stoo niijaze nini na kwa namna gani, ili hata nikiishi kama sina friji kabisa, chakula cha mchana na cha jioni kipatikane.

Kaka_Betri
Pole sana dada. Hapo suluhisho ni betri na inveta. Friji ya kawaida haili umeme mwingi ikishapoa. Mimi nimefunga betri moja kubwa na friji yangu inapita usiku mzima. Pia usifungue mlango hovyo. Friji iliyofungwa inatunza ubaridi kama saa 4, na friza iliyojaa hufika saa 48, ikiwa nusu ni kama saa 24. Weka kikombe cha barafu ndani ya friza na sarafu juu yake. Ukirudi ukakuta sarafu imezama, ujue barafu iliyeyuka ikaganda tena, na nyama iliyokuwemo usiiamini.

Taa_Imezima
Asante kaka, la sarafu nimelichukua. Ila betri kwa sasa siwezi, ndiyo maana nauliza kuhusu stoo.

Nusa_Kwanza
Mbona rahisi. Nunua vitu vikavu kwa wingi: gunia la mchele, gunia la maharage, unga, mafuta, makopo. Makubwa ndiyo yana nafuu. Kiporo kikibaki unakichemsha asubuhi na jioni, bakteria wote wanakufa. Nyanya ukishafungua, mimina mafuta juu yake mpaka yafunike, ukungu hautaota. Na pua yako ndiyo kipimo. Kisichonuka kinalika.

MtunzaStoo
Dada Taa, nimepikia kambi za wafanyakazi miaka 19, nyingi hazikuwa na friji hata moja. Nitaeleza taratibu, uniwie radhi kwa urefu.

Ukisoma tena ulichoandika utaona kwamba hakuna kilichoharibika kikiwa stoo. Maharage makavu yalikuwa salama, na kopo la nyanya lilikuwa salama likiwa limefungwa. Vyote viwili viliharibika baada ya wewe kuvifungua au kuvipika zaidi ya mlo mmoja. Watu wengi wakijaza stoo huuliza kitu hiki kinakaa miezi mingapi. Kwa mtu asiye na friji swali linalouma ni jingine: nikishakifungua, je, kitaisha leo? Kama hakiishi leo, hicho si chakula cha stoo yako, hata kama kopo limeandikwa miaka mitatu.

Kwa hiyo acha kuhesabu kilo. Hesabu sufuria. Sufuria moja ni mlo mmoja wa watu wako watano, unaoisha wote, bila kiporo. Kila kitu unachonunua kipime kwa sufuria hiyo.

Tuanze na maharage. Watu watano, watatu wakiwa watoto, gramu 400 za maharage makavu zinawatosha mlo mmoja na wali pembeni. Yakiiva yanakuwa zaidi ya mara mbili ya uzito wake, yaani karibu kilo moja ya maharage yaliyoiva. Wewe ulichemsha kilo nzima makavu. Hizo zilikuwa sufuria mbili na nusu, na moja na nusu ndiyo uliyoimwaga. Hesabu inakutana kabisa na ulichokiona Jumapili.

Nyanya nayo hivyohivyo. Mlo wako unataka vijiko vitatu. Pakiti ndogo ya gramu 70 ndiyo saizi ya sufuria yako. Inafunguliwa, inakamuliwa yote, inatupwa. Kopo kubwa lina nafuu kwa gramu, hilo Nusa amesema kweli, lakini nafuu hiyo umeimwaga Jumanne pamoja na ukungu.

Taa_Imezima
Hapo kwenye sufuria mbili na nusu nimebaki mdomo wazi. Ndivyo ilivyokuwa kabisa.

Sasa nihesabu sufuria ngapi?

MtunzaStoo
Uliandika kwamba mwezi uliopita umeme ulikatika siku mbili na nusu. Ifanye tatu. Milo miwili ya kupika kwa siku, sufuria sita. Ongeza mbili kwa ajili ya mgeni au siku ya nne. Sufuria nane.

Zisiwe nane zinazofanana, watoto watagoma siku ya pili. Mimi ningefanya hivi: tatu za adesi, mbili za maharage, mbili za samaki wa kopo, moja ya tambi na nyanya. Adesi ni nyingi kwa makusudi. Hazihitaji kulowekwa, nyekundu zilizokobolewa zinaiva ndani ya dakika 15 hadi 20, na gesi yako itakushukuru. Maharage yanataka kulala majini usiku kucha, halafu moto wa saa moja au zaidi. Umeme ukikatika saa kumi jioni hujaloweka, maharage hayakusaidii usiku huo. Adesi zinakusaidia.

Kisha kila sufuria ifungie pamoja. Chukua mfuko mmoja, tia adesi gramu 350 kwenye mfuko wake mdogo, mchele gramu 500 kwenye wake, pakiti moja ya nyanya ya gramu 70, na kamfuko ka chumvi na viungo ulivyovizoea. Andika juu: ADESI, watu 5, na tarehe. Mafuta yabaki kwenye chupa yake. Usiku giza limeingia, mtoto mkubwa anaweza kushika mfuko mmoja akauweka jikoni na hakuna kinachosahaulika.

Wali pia upimwe. Wali ndio unaobaki katika nyumba nyingi.

Chumba_Kimoja
Mkuu samahani, adesi ndizo zile ndogo bapa za rangi ya machungwa? Kwetu tunaita dengu.

MtunzaStoo
Ndizo hizo. Majina yanabadilika kila mahali, wewe nenda na zile ndogo bapa zilizokobolewa. Dengu za mviringo ngumu ni habari nyingine, zinataka kulowekwa kama maharage.

Nusa_Kwanza
Mkuu nakuheshimu lakini unatisha watu. Mama yangu alikuwa anachemsha sufuria asubuhi na jioni, tumekula viporo hivyo utoto wote na tuko hai. Moto unaua.

MtunzaStoo
Ndugu yangu, moto unaua bakteria wenyewe, hapo uko sahihi. Tatizo ni vitu viwili ambavyo moto wa jikoni hauvimalizi. Kuna bakteria wa wali na vyakula vya wanga ambao mbegu zao zinavumilia kuchemka. Ukiipua sufuria na kuiacha ipoe polepole juu ya meza, mbegu hizo zinaamka, zinazaana, na zinaacha sumu ndani ya wali. Asubuhi ukichemsha, unawaua waliozaliana, lakini sumu ile imeshamwagika na haivunjwi na kuchemka. Mtu anakula wali wa moto kabisa, na baada ya saa chache anatapika.

La pili ni pua. Sumu hiyo haina harufu. Maharage ya dada yalichacha, yakampa ishara, akayamwaga. Wali unaweza kuwa mbaya na ukanukia vizuri tu.

Chakula kinachokaa juu ya nyuzi 60 muda wote hakina shida hiyo. Kile kilichopoa kabisa chini ya nyuzi 5 hakina shida kubwa. Hatari ni katikati, na meza ya jikoni iko katikati. Kanuni niliyofundishwa na niliyoisimamia kambini ni saa 2 nje ya moto, mahali pa joto kali saa 1, baada ya hapo sihesabu tena kama chakula.

Sikatai kwamba mlikula mkapona. Nami nimekula viporo vya namna hiyo nikiwa mdogo. Lakini nimeshashika ndoo za watu kumi na wawili kwa usiku mmoja kwa sababu ya wali wa mchana, na tangu hapo sijabishana na wali.

Nusa_Kwanza
Sawa, la wali nimelisikia. La mchuzi unaochemshwa mara mbili kwa siku bado sijakubali. Unachemka kweli, si kupashwa.

MtunzaStoo
Mchuzi unaochemshwa kila baada ya saa chache ni bora kuliko ulioachwa. Ila kati ya saa moja usiku na saa moja asubuhi ni saa 12, na katika hizo unapita kwenye joto lile la hatari muda mrefu. Mimi kwa watoto siwezi. Tukubaliane kutokukubaliana hapo.

Jiko_Moja
Nina kisa changu kuhusu maharage na kubana gesi, naomba mnisikilize maana kinaweza kumsaidia dada.

Nilisikia kwamba unaweza kuchemsha maharage kidogo, ukaipua sufuria, ukaiviringisha blanketi nzito na kuiweka ndani ya kapu, yakaiva yenyewe kwa joto lake. Nikaloweka maharage mekundu makubwa, nikayapasha mpaka maji yakaanza tu kutoa mvuke na vitone vidogo pembeni, nikafunga blanketi saa nne usiku. Asubuhi yalikuwa yamelainika nje, ndani bado yanauma kidogo. Tukala hivyohivyo kwa sababu watoto walikuwa wanawahi. Kabla ya saa tano sote wanne tulikuwa tunatapika. Nilidhani yamechacha, lakini hayakuwa na harufu yoyote.

Je, blanketi ndilo lilikuwa tatizo?

MtunzaStoo
Pole sana, dada. Blanketi halina kosa, ila mpangilio ulikosewa. Maharage mekundu yana sumu yake ya asili ikiwa mabichi, na yale makubwa yanayofanana na figo ndiyo yaliyo nayo kwa wingi. Inavunjika kwa kuchemka kwelikweli, maji yakiruka, si chini ya dakika 10. Joto la chini ya hapo haliivunji, na maharage yaliyopashwa nusunusu yanaweza kuwa mabaya kuliko mabichi. Kutapika ndani ya saa moja hadi tatu baada ya kula ndiyo dalili yake.

Ukitaka kutumia kapu: loweka usiku, mwaga maji ya kulowekea, weka maji mapya, chemsha kwa nguvu. Dakika 10 ni kiwango cha chini, mimi huacha 20 ili na kiini kishike joto. Ndipo ufunge. Sufuria iwe imejaa, kwa sababu iliyo nusu inapoa haraka. Ukifungua baada ya saa nne au tano iwe bado inachoma kidole. Kama ni vuguvugu, imeshaingia kwenye lile joto la katikati. Na kabla ya kula irudishe motoni ichemke tena. Usiifunge usiku kucha, usitegemee blanketi la nyumbani liiweke juu ya nyuzi 60 mpaka asubuhi.

Kwa adesi kapu ni zuri zaidi. Chemsha dakika 5, funga, nusu saa zimeiva.

Jiko_Moja
Ndiyo maana. Maji hayakuruka kabisa. Nashukuru, miaka miwili nimekuwa nikiwaza nini kilitupata.

Taa_Imezima
Mtunza, nimeshapima. Leo nimefunga mifuko mitano. Kuna jambo nimeliona: mchele niliokuwa nao una fukusi. Wachache, lakini wapo. Zamani nilikuwa naweka friza siku tatu wanakufa. Sasa friza siiamini. Nifanyeje?

Nusa_Kwanza
Anika juani, watatoka wenyewe. Na weka pilipili kavu au majani makavu yenye harufu ndani ya chombo.

MtunzaStoo
Jua linawafukuza waliokwisha kutoka, hilo ni kweli. Majani na pilipili sijawahi kuona vikisafisha chombo chenye fukusi tayari. Sababu ni kwamba jike huchimba punje, hutaga yai ndani yake, kisha huziba tundu. Funza analelewa ndani ya punje, wewe humwoni. Palipo na joto, kutoka yai hadi mdudu mkubwa ni kama mwezi mmoja. Ndiyo maana mtu ananunua mchele msafi, anaufunga vizuri, wiki ya tano anakuta wametambaa. Hawakuingia kutoka nje. Walikuja na mchele.

Kwa stoo ndogo kama yako njia ni mbili, na zinafanya kazi pamoja.

Ya kwanza ni kuwanyima hewa. Chupa safi za plastiki za maji, zile zenye kizibo cha kukaza, zinafaa sana. Ziwe kavu kabisa ndani. Jaza mchele, gongesha chini ushuke, jaza tena mpaka mdomoni kusibaki nafasi ya hewa, kaza kizibo. Wadudu wenyewe wanamaliza hewa iliyobaki na kufa. Ukifunguafungua kila siku unawapa hewa mpya, kwa hiyo chupa iwe saizi ya kuisha haraka. Chupa ya lita moja inabeba mchele unaotosha sufuria moja na nusu hivi ya kwako. Chupa ya nusu lita inakaribia sufuria moja.

Ya pili ni mzunguko. Una sufuria nane. Kila wiki pika mbili kutoka stoo hata kama umeme upo, na jaza mbili mpya nyuma. Baada ya wiki nne zote nane zimebadilika. Huo ndio mwezi anaouhitaji fukusi kukua. Unamla kabla hajaonekana, na nasema hivyo kwa moyo mweupe, yai la fukusi halimdhuru mtu.

Kabla ya kufunga maharage hasa, hakikisha ni makavu. Tia kiganja cha maharage na kijiko cha chumvi kavu ndani ya chupa kavu ya kioo, tikisa, acha robo saa. Chumvi ikigandamana kwenye kuta za chupa, maharage yana unyevu, yaanike tena. Ikidondoka yote chini, funga. Nafaka yenye unyevu ukiifungia bila hewa inaota ukungu, na ukungu ni mbaya kuliko fukusi.

Chumba_Kimoja
Naomba kuuliza upande wangu. Mimi naishi peke yangu, napika kwenye kijiko kidogo cha gesi. Kopo la samaki la gramu 400 ni milo mitatu kwangu. Nikishalifungua nalifunika kwa sahani na kula kesho yake. Wiki hii nimeumwa tumbo mara mbili.

MtunzaStoo
Kopo likifunguliwa, samaki yule ni sawa na samaki uliyempika leo. Kule kukaa miaka kulitokana na kufungwa na kuivishwa ndani ya kopo, si na samaki mwenyewe. Sahani haimfanyi afungike tena. Nunua makopo madogo, yapo ya kama gramu 125, uzito wa mlo mmoja wa mtu mmoja. Na wali pima mchele gramu 80 hadi 100, basi.

Ukinunua kopo angalia miisho yake. Lililovimba au linalobonyea na kurudi ukilibinya liache dukani. Lililobonyea ubavuni kidogo halina neno, lakini likibonyea kwenye mshono au ukingoni, usilichukue.

Nusa_Kwanza
Mkuu hujajibu la mafuta juu ya nyanya. Na mimi nina chupa ya vitunguu saumu nilivyomenya na kuvifunika kwa mafuta ya kula. Imekaa kabatini wiki ya tatu, haijaharibika hata kidogo, inanukia vizuri. Hiyo si ushahidi kwamba mafuta yanahifadhi?

MtunzaStoo
Ndugu yangu, nakuomba hiyo chupa uitupe leo, usionje hata kijiko.

Mafuta yanazuia hewa. Ukungu unahitaji hewa, kwa hiyo juu ya nyanya mafuta yanauchelewesha siku moja au mbili. Nyanya nayo ina uchachu wake wa asili unaosaidia. Ndiyo maana uliona inafanya kazi.

Kitunguu saumu hakina uchachu. Kimetoka ardhini, na ardhini kuna bakteria anayependa mahali pasipo na hewa na pasipo na uchachu. Chini ya mafuta, kwenye kabati lenye joto, umemtengenezea nyumba. Sumu yake ni ile inayolegeza misuli, kuanzia kope na ulimi mpaka kifua, na inaua. Haibadilishi harufu wala rangi kwa namna ya kuaminika. Saumu kaa nayo ikiwa kavu na ganda lake, kwenye kikapu kinachopitisha hewa, inakaa miezi bila mafuta. Hilo silo la kukubaliana kutokukubaliana.

Nusa_Kwanza
Nimeitupa. Nilikuwa nimempa dada yangu chupa nyingine, nimempigia simu sasa hivi.

MtunzaStoo
Umefanya vema. Kama kuna aliyekula kutoka humo akaona ukungu machoni, kope zinaanguka, au kumeza kunakuwa kugumu, aende hospitali saa hiyohiyo aseme alichokula.

Taa_Imezima
Poleni, na asante kwa uwazi wenu.

Maziwa je? Mdogo wangu wa mwisho hanywi chai bila maziwa. Na mayai?

MtunzaStoo
Maziwa ya unga, na uchanganye glasi anayokunywa, si jagi. Ukishachanganya na maji ni maziwa ya kawaida, yanachacha kama mengine. Ya unga yaliyoondolewa mafuta yanakaa muda mrefu kuliko yenye mafuta, kwa sababu mafuta ndiyo yanayochakaa kwanza. Lakini mtoto mdogo anahitaji yenye mafuta, kwa hiyo nunua mfuko mdogo wenye mafuta na uuzungushe haraka. Ukisikia harufu kama ya rangi ya mbao au karanga za zamani, umekwisha. Vipaketi vya maziwa ya muda mrefu vya mililita 200 ni vizuri pia, kimoja mlo mmoja.

Sheria hiyohiyo ya mafuta inahusu unga usiokobolewa na mchele wa kahawia. Vina lishe zaidi, lakini vina mafuta ya kiini, na kwenye joto vinachakaa mapema. Kama unavipenda, viweke vya wiki mbili tatu tu.

Mayai nawaachia wengine, maana kila mahali yanauzwa tofauti.

Jiko_Moja
Mimi huchukua ambayo hayajaoshwa, naweka sehemu ya ubaridi, yanamaliza wiki mbili au tatu bila shida. Yaliyotoka friji ya dukani sirudishi kwenye joto, yanatoa jasho nje na kuharibika upesi.

Kaka_Betri
Mimi yangu ya dukani naweka nje siku zote, sijaona tofauti.

Taa_Imezima
Narudi na mrejesho. Alhamisi ulikatika saa tisa alasiri, ukarudi Jumamosi usiku.

Alhamisi jioni nilipika nyama iliyokuwa kwenye friji, yote, tukaimaliza. Ijumaa mchana adesi, jioni samaki. Jumamosi mchana maharage, nilikuwa nimeyaloweka Ijumaa usiku nilipoona giza linaendelea. Jioni tambi. Mifuko minne imetumika, minne imebaki. Sikumwaga kitu isipokuwa wali. Gramu 500 zimetuzidi mara mbili zote, ulibaki kama bakuli moja na nikautupa kwa uchungu.

Na kuna moja sikulifikiria. Umeme ukiwa haupo, pampu ya maji haipandishi. Ijumaa jioni nilikuwa na adesi, mchele na gesi, na ndoo moja tu ya maji. Maharage ya kulowekwa na kumwagwa yalinimalizia maji niliyotaka kuoshea vyombo.

MtunzaStoo
Mchele shusha mpaka gramu 420 uone. Ukikosa kutosha, watoto watasema mapema kuliko kiporo.

La maji ni kosa langu, nilipaswa kuliuliza mwanzo. Adesi na wali wake zinakunywa kama lita mbili na nusu kwa sufuria yako. Maharage yanafika lita nne au tano ukihesabu ya kulowekea. Tambi nazo zinakunywa nyingi, ila maji ya tambi unaweza kuyatumia kwenye mchuzi papo hapo. Andika maji juu ya kila mfuko, chini ya tarehe. Kisha weka madumu yaliyofunikwa ya siku tatu, mbali na yale ya kunywa. Yale ya kulowekea maharage usiyamwage chini, yasukumie chooni.

Taa_Imezima
Naandika sasa hivi kwenye mifuko iliyobaki. Ya maharage nabadilisha moja iwe adesi.